Ninavyofua sweta la sufu Mbeya bila kulisinyaza

Baridi ya Juni na Julai ikishika, masweta ya mtumba ya sufu na kashmiri hutoka sana Sokomatola na Mwanjelwa. Mengi yamekatwa lebo, hivyo nachomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na kuuchoma. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuwa kipande kigumu, ni nailoni au akriliki, na hilo halihitaji haya yote.

Unyoya wa sufu una magamba madogo sana. Ukilowa kwenye maji ya moto yenye sabuni kali, magamba huinuka, na ukiusugua nyuzi hushikana zisiachiane tena. Watu huogopa maji ya moto peke yake, lakini kwa maoni yangu mikono ndiyo huharibu zaidi. Kufikicha kola kama ya shati kunatosha kuigandamanisha.

Kabla ya kulowesha, napima kwa futi ya fundi upana wa kifua, urefu wa mwili na wa mikono, naandika. Kisha natayarisha mabeseni matatu mapema, yote kwa kipimo kimoja: lita 2 za maji yaliyochemka kwa lita 8 za bomba. Asubuhi ya Julai huku kwetu hiyo hutoa takriban nyuzi 30. Ukichovya kiwiko husikii joto wala baridi.

Beseni la kwanza naweka vijiko viwili vya chai vya shampuu, nakoroga kabla sweta halijaingia. Sabuni ya mche ina magadi mengi mno. Ya unga nayo huwa hivyo, na baadhi ina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini. Nalizamisha likiwa limegeuzwa nje ndani, nalikandamiza taratibu kwa viganja, naliacha dakika 10. Doa nalibonyeza kwa kidole, silisugui.

Kulitoa ndipo wengi huharibu. Likiwa limelowa ni zito, ukilishika mabegani mikono inarefuka. Nalibeba kwa mikono yote miwili kutoka chini, nalihamisha kwenye beseni la pili, halafu la tatu lenye kijiko kikubwa cha siki nyeupe. Silikamui kwa kulisokota. Nalilaza juu ya taulo kavu, nakunja vyote pamoja kama chapati ya kusokota, nakandamiza kwa magoti, kisha narudia kwa taulo la pili.

Kukausha natumia kitanda cha kamba kivulini, barazani, chini kuwe wazi hewa ipite. Nalinyoosha hadi vipimo vya mwanzo virudi, pindo nalisogeza liwe mraba. Baada ya saa kadhaa naligeuza, jioni naliingiza ndani kabla ya umande. Karibu na jiko la mkaa halikai. Wakati wa masika, ukungu ukizidi, hunuka uvundo kabla ya kukauka, basi naahirisha kufua.

Likikauka refu kupita kipimo, nalilowesha tena na kulipanga upya. Lakini likiwa nene, mishono haionekani na ukilivuta halinyumbuki, limegandamana na halirudi. Hilo mkatie mtoto kofia. Kingo zake hazitafumuka.