Barua isiyo na "lakini"

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Alhamisi iliyopita nilifunga, na magharibi nikiwa nimeshika tende ikanijia ile hadithi tunayoijua sote, aliyoipokea Imam Muslim: milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, akasamehewa kila mja asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, isipokuwa wawili wenye uhasama baina yao. Husemwa, wangojeni hawa mpaka wapatane. Tende ilinikwama kooni. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya tatu tangu mavyaa wangu afunge kitita chake, atoke kwangu hapa Ngamiani na kurudi Pangani bila kuniaga.

Alikuja kunitazama uzazini. Arobaini nzima alinikanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kisha akakaa zaidi kwa kumpenda mjukuu. Mtoto ana miezi mitatu. Siku moja nikatoka chumbani nikamkuta uani anamlisha uji mwepesi kwa kijiko. Kliniki wametuambia maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji asipewe. Hapo nilikuwa na haki. Haki yangu nikaiharibu mwenyewe kwa ulimi: nikamtajia wanawe wawili aliowazika wangali wachanga, kana kwamba yeye ndiye aliyewaua. Hakunijibu. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nikakaa kumwandikia barua. Ya kwanza ilijaa kurasa mbili, na nilipoisoma nikaona kila "nisamehe" imefuatwa na "lakini". Nisamehe, lakini uliniudhi. Nisamehe, lakini nesi alishasema. Mtu akiisoma atadhani mimi ndiye ninayedai.

Nikaichana. Nikamkumbuka baba yetu Adam. Iblis alimdanganya kweli, Qur'ani yenyewe imesema. Hata hivyo, alipotubu pamoja na mkewe, katika Al-A'raf aya ya 23, walisema: Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu. Iblis hawakumtaja. Walikuwa na "lakini" ya kweli kabisa, wakaiacha. Aya chache kabla yake Iblis alipoulizwa, alimrudishia Mola wake lawama: kwa kuwa Wewe umenipoteza. Mmoja alikuwa na udhuru akaunyamazia, mwingine hakuwa nao akautunga. Na ndugu zake Yusuf, siku walipojulikana, walikiri tu kuwa walikuwa wakosa. Jibu walilopata ni: hapana lawama juu yenu leo.

Hapa niseme na sisi wenyewe, hasa wakaza mwana wenzangu. Kila Ramadhani ikikaribia tunatumiana ujumbe ule ule mmoja, "kama nimekukosea nisamehe", kwa watu mia kwa mpigo. Kama? Hujui ulimfanya nini mavyaa wako? Unajua mpaka siku na saa. Na wengine tunamtuma mume akatuombee msamaha, mama akisamehe kwa ajili ya mwanawe tunajihesabu tumemaliza. Ulimi uliotukana ni wako, basi radhi uombe kwa ulimi wako.

Barua ya pili ilikuwa na tatizo jingine. Mavyaa hasomi herufi za Kizungu, atasomewa na mtoto wa wifi yangu aliye darasa la saba. Nikilirudia lile neno kwenye karatasi nitamtukana mara ya pili, tena mbele ya mjukuu. Kwa hiyo nililionyesha bila kulitamka. Suala la uji nalo sikuliandika hata kwa herufi moja. Lina siku yake, na mume wangu atalizungumza na mamake kwa upole. Barua moja haibebi radhi na mashitaka.

Iliyokwenda ni hii:

"Mama, shikamoo. Neno nililokwambia uani, wewe unalijua na mimi nalijua. Lilikuwa dhulma. Wale ni ndugu za mume wangu, ilinipasa kuwaombea dua, nami nikawafanya fimbo ya kukuchapia. Nimekosa. Ulinikanda siku arobaini kwa mikono yako, nami nikakulipa vile. Sikuhimizi urudi, wala sikudai jibu. Naomba radhi yako. Ukiniruhusu, nitakuja mwenyewe na mtoto."

Nilitaka kuambatanisha doti ya kanga, nikakaa dukani muda mrefu nikisoma majina. Nikashika yenye "Wema hauozi", nikairudisha upesi. Angeona namsimanga. Barua ikaenda peke yake, Jumamosi, kwa basi la asubuhi.

Wifi amepiga simu jana. Anasema mama aliomba asomewe mara mbili, kisha akaikunja, akaitia chini ya mto wake. Kuhusu mimi hakusema neno. Aliuliza tu kama mtoto siku hizi analala usiku.