Tiki nyekundu ya mhasibu

Mdogo wangu alirudi nyumbani Kirumba, Mwanza, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na begi lake mgongoni. Ilikuwa Februari 2016, yeye yuko kidato cha tatu. Mwaka huo kila redio ilikuwa inaimba elimu bure, lakini bure hiyo ilikuwa ya shule za serikali. Ya kwetu ilikuwa ya binafsi, upande wa Buhongwa, na getini walikuwa wamesoma majina ya wanaodaiwa. Lake lilikuwamo: anadaiwa 480,000, pamoja na faini ya kuchelewa 20,000.

Mama hakuamini. Alikuwa amelipa mwenyewe, Ijumaa ya tarehe 15 Januari, siku ya mwisho, kwa wakala wa benki jirani na Mwaloni anakouza dagaa. "Nilimhesabia noti mbele ya watu," alisema. "Mashine ikalia, karatasi ikatoka." Akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi yenyewe.

Ilikuwa imekaa kwenye pindo lile wiki sita, kwenye jua la vichanja na mafuta ya dagaa. Risiti za mashine hazina wino. Karatasi yenyewe ndiyo inayogeuka nyeusi kwa joto, na mafuta huifuta. Kiasi kilisomeka, tarehe ilisomeka kwa kubahatisha, na pale penye namba ya muamala palibaki kivuli cha tarakimu mbili tatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya kazi ya kuuza duka, na sikujua lolote kuhusu uhasibu. Nilichokuwa nacho ni hasira. Kesho yake nikapanda daladala hadi mjini, nikaunga ya Buhongwa, nikaingia ofisi ya mhasibu nikiwa nimeshaandaa maneno makali.

Mhasibu alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ukaniongezea hasira. Alitazama karatasi yetu, akaigeuza, akaniuliza kama tulileta risiti ya benki shuleni ili tupewe stakabadhi ya shule. Hatukuleta. Mama alidhani pesa ikishafika benki imefika.

"Dada, sikatai kwamba mlilipa," akasema. "Lakini Januari yote nimeshaisuluhisha na benki. Kila shilingi iliyoingia ina mwenyewe. Haijabaki hata moja inayoelea."

Niliyachukua maneno yale kama tusi. Nilitoka pale nikiamini kwamba pesa ama imeliwa na wakala, ama imeliwa na yeye. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba alikuwa anasema kweli tupu, na kwamba ukweli ule ndio uliokuwa unatuficha.

Jumamosi nilikwenda kwa wakala. Kijana mwenyewe hakubishana. Mashine yake hutoa karatasi mbili kwa kila muamala, moja ya mteja, moja yake, na zake huzifunga kwa mpira, siku kwa siku, ndani ya boksi la viatu. Tukafungua kifurushi cha tarehe 15. Zilikuwa nyingi, maana siku ile nusu ya Kirumba walikuwa wanalipa ada. Ya mama tukaipata: nyeusi, safi, 480,000, akaunti ya shule, na namba ya muamala ya tarakimu kumi na mbili inayoishia na 0739. Kwenye mstari wa maelezo kulikuwa na maneno mawili tu: ADA, na jina la babu yetu.

Hapo nikaanza kuona. Kile kikaratasi cha maelekezo ya ada kilisema mlipaji ataje namba ya mwanafunzi. Mama alikiacha nyumbani. Kijana alipouliza "niandike nini?", akataja jina la ukoo. Na jina la babu yetu, Usukumani hapa, utalikuta kila kijiji.

Nilivuka barabara kwenye stesheneri, nikatoa kopi mbili, nikamrudishia kijana karatasi yake.

Jumatatu mhasibu alipoiona kopi alikaa kimya kidogo, kisha akatoa taarifa ya benki ya Januari. Akatafuta tarehe 15. Pesa za 480,000 siku hiyo zilikuwa tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa awamu ya kwanza kwa kidato kizima. Kila mstari ulikuwa na tiki nyekundu, na pembeni, kwa penseli, namba ya mwanafunzi aliyeingiziwa.

"Tusitazame jina," akasema, sasa akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi. "Tusitazame na kiasi." Akapitisha rula chini ya safu ya namba za muamala. Mstari wa pili uliishia na 0739. Namba ya penseli iliyokuwa pembeni haikuwa ya mdogo wangu.

Ilikuwa ya binti wa kidato hicho hicho, wa jina lile lile la ukoo.

Akafungua leja ya yule binti kwenye kompyuta. Alikuwa na 480,000 iliyoingia mwanzoni mwa Januari, na 480,000 nyingine ya tarehe 15. Akaunti yake ilionyesha ziada ya awamu nzima. Mhasibu akaigonga skrini kwa kalamu. "Hii ilitakiwa initoe usingizini. Nani Buhongwa hii analipa awamu mbili kabla shule haijafunguliwa?"

Ndipo akanieleza kilichokuwa kinanisumbua. Angeiacha pesa yetu bila mwenyewe, ingekaa kwenye orodha ya malipo yasiyotambulika, na kila mwisho wa mwezi ingemkodolea macho mpaka amtafute aliyeilipa. Lakini karani wake alipoipa mwenyewe, japo siye, jumla ya leja za wanafunzi ikalingana na jumla ya benki. Vitabu vikabalansi. Kosa likawa limekaa baina ya watoto wawili, mmoja anadaiwa na mwingine ana ziada, na mwenye ziada hana sababu ya kuja kulalamika.

Hakuhamisha pesa papo hapo. Kwanza alimpigia mama wa yule binti, akamwomba asome risiti alizonazo. Alikuwa nayo moja tu, ya mwanzoni mwa Januari, na namba yake ikalingana na mstari mwingine kabisa wa taarifa ile. Nilimsikia kwenye simu akisema kwamba aliambiwa hadaiwi hadi Juni, akafikiri baba mtoto kajitahidi kimyakimya.

Baada ya hapo ikaandikwa hati ya marekebisho ya mistari miwili: toa kwa binti, ingiza kwa mdogo wangu, kiasi kile kile, namba ile ile ya muamala, na kopi yetu ikabanwa nyuma. Mkuu wa shule akasaini Jumatano. Kwenye taarifa ya benki mhasibu hakufuta namba ya penseli. Aliikata kwa mstari mmoja, akaandika ya mdogo wangu pembeni, akaweka herufi za jina lake na tarehe.

Niling'ang'ania jambo moja. Stakabadhi ya shule aliyoanza kuandika ilikuwa na tarehe ya siku ile, Machi 2. Kwa tarehe hiyo sisi tungebaki wachelewaji, na faini ingebaki. Nikamwomba aandike kwamba malipo yalipokelewa Januari 15. Alinitazama, akaichana, akaandika nyingine. Ile 20,000 ikafutwa.

Mdogo wangu alirudi darasani Alhamisi, baada ya siku tano za masomo kupotea. Jioni nilimkabidhi mama stakabadhi Mwaloni, akaipokea kwa vidole viwili ili isiguse mafuta, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. "Na nauli zako za Buhongwa, hizo wameziingiza kwa nani?"