Salamu za Idi kwa Mzazi Ambaye Watoto Wako Kwingine

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ijumaa hii ya mwisho ya Ramadhani salamu zangu nazielekeza kwako wewe uliyeachana na mwenzio, ambaye asubuhi ya Idi utavaa kanzu peke yako hapa Mwanza, na watoto wataamkia kwa mama yao Sengerema, Ukerewe au Bukoba. Nakusalimu na wewe mama, ambaye safari hii wanao wamekwenda kwa baba yao.

Watu watakukaribisha pilau, na wakikuona umenyamaza watakuambia, "Achana na mawazo, leo sikukuu." Nabii Yaakub naye aliambiwa maneno ya namna hiyo na wanawe (tena hao hao waliomtenga na Yusuf). Katika Sura Yusuf, aya ya 84, macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Aya ya 85 wanamwambia hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka augue au aangamie. Naye anawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu tu. Hakukana kuwa anaumia, wala hakuona haya kulia, na nabii ni nabii. Kisha aya ya 87 anawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye. Machozi hayakumzuia kufanya la kufanya.

Kwa hiyo lia ukitaka kulia, ila angalia unamshitakia nani. Siku ya Idi wengi tunateleza hapo, tukampelekea mtoto kesi kwa simu: "Baba yuko peke yake, mama yenu ndiye hakutaka mje." Mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kuamua kesi hiyo. Atarudi kwenye sinia akiwa amenyong'onyea, na mama yake akimuuliza kulikoni, hatajua aseme nini bila kumuumiza mmoja wenu. Aya ya 233 ya Sura Al-Baqara imekuja katikati ya aya za talaka, na inakataza mama kutiwa taabuni kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile kwa sababu ya mtoto wake. Baba anayezuia pesa ya nguo za sikukuu ili mtalaka wake aaibike mtaani, na mama anayezima simu mpaka jioni ili baba asisikie sauti za wanawe, wote wawili aya hiyo inawahusu.

Baba, lipo jambo moja ambalo talaka haikukuondolea: fitri ya watoto wako. Wadogo wasio na mali yao wenyewe wako juu yako popote wanapolala. Tuseme unakaa Igoma na wanao wawili wako Sengerema. Unatoa pishi tatu, moja yako na mbili zao, za chakula kinacholiwa zaidi mahali hapo, kwa wengi wetu mchele. Pishi ni kama kilo mbili na nusu, wengine hukadiria kilo tatu kwa tahadhari, kwa hiyo andaa baina ya kilo saba na nusu na tisa. Mama yao akishamaliza eda hayumo katika hesabu yako, anajitolea mwenyewe. Na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, fitri ya mtu hutolewa alipo yeye, hivyo pishi mbili zile ziwafikie mafukara wa Sengerema. Mtumie mtu unayemwamini huko pesa mapema, anunue mchele na kuugawa kabla ya swala ya Idi. Mjulishe mama yao kwa ujumbe mfupi kwamba ya watoto umetoa, asije akatoa tena. Ujumbe uishie hapo. Usimkumbushe ya mwaka jana.

Na mkono wa Idi wa watoto utume siku moja kabla, kwa sababu mtoto huwaonyesha wenzake asubuhi, si saa kumi jioni.

Kuhusu simu, kubalianeni saa leo, si siku yenyewe. Baada ya swala na kabla ya chakula kizito panafaa, maana baadaye watakuwa wametawanyika mitaani. Waulize wamevaa nini, nani ameshinda mbio za kwenda uwanjani, wamekula nini. Usiwaulize nani amekuja nyumbani kwa mama. Wakikata simu kwa haraka wakacheze, usilihesabie deni.

Kama mmepatana uwachukue Idi Pili, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kisingizio cha foleni ya kivuko. Waambie saa utakayofika, na ufike saa hiyo.

Idi Mubarak, ndugu yangu. Taqabbalallahu minna waminkum.