Leja ya mama wa stoo

Tulipopeleka mfumo wa kompyuta kwenye stoo ya dawa ya kituo kimoja cha afya huku Rungwe, mtunza stoo aligoma kuachia leja. Wenzangu walisema anaogopa kompyuta. Mimi nilimuuliza sababu.

"Mwanangu, kwenye leja nikikosea nakata mstari mmoja, nasaini pembeni, na kosa bado linasomeka. Humu mtu akibadilisha namba, nani atajua?"

Alikuwa sahihi kabisa! Mfumo uliruhusu salio kufutwa na kuandikwa upya. Tukaondoa ruhusa hiyo. Sasa marekebisho ni ingizo jipya lenye sababu na jina la aliyeingiza, na la zamani linabaki.

Kisha tukaendesha vyote viwili pamoja, tukilinganisha kila jioni kabla ya kufunga. Hapo leja ikatuokoa. Dawa mseto ya malaria kwa watu wazima huja boksi la dozi 30, kila dozi vidonge 24. Yeye alipokea maboksi 12, mfumo ukasoma vidonge 12. Tungekuwa tumeondoa leja siku ya kwanza, kompyuta ingetangaza dawa inakaribia kwisha huku rafu imejaa vidonge 8,640. Tukaweka kipimo kimoja, dozi, kwenye leja na kwenye kompyuta.

Nawasihi wenzangu wa mifumo, msiwanyang'anye watu madaftari kabla namba hazijalingana. Leja yake bado ipo mezani. Umeme ukikatika anaandika humo, kisha anaingiza kwa tarehe dawa ilipotoka.