Mama, tusogeze ipi?

Jana mdogo wangu kanipigia analalamika bosi kamrundikia kazi na hapana haisemeki, nikajikuta naikumbuka ile Juni ya Mtumba, kule kwenye ofisi za serikali Dodoma.

Juni ya serikalini mnaijua. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, Bunge la bajeti liko hapo mjini kwa hiyo simu za "tunaomba takwimu haraka" haziishi, upepo wa Dodoma nao unakata masikio. Mhasibu hapati usingizi. Hati za malipo zisipoingia MUSE, ule mfumo wa malipo wa serikali, kwa wakati unagombana na mzabuni mwaka mzima unaofuata.

Sasa Jumanne, saa tisa mchana, mkuu wa kitengo akaniita, mama mmoja mpole tu. "Mwanangu, niandalie presentesheni ya kikao cha wadau, Ijumaa jioni niwe nayo."

Sikusema siwezi, maana siwezi inajibiwa na "jitahidi" halafu mazungumzo yameisha hapo. Nikaomba dakika tano nikaenda kuandika kwenye karatasi. Hati za malipo, siku moja na nusu, zikichelewa mzabuni halipwi. Majibu ya hoja za ukaguzi, siku moja, mkurugenzi anayasubiri. Kufuatilia marejesho ya masurufu kwa waliosafiri, nusu siku, yakichelewa tutapigiwa kelele ila hakuna anayeumia wiki hii. Hapo Jumatano mpaka Ijumaa imejaa, na presentesheni peke yake inakula siku nzima.

"Mama, hii naifanya, ila kuna moja hapa lazima ipishe. Tusogeze ipi?"

Akavaa miwani. Kalamu ikashuka kwenye ile karatasi, ikapanda, ikashuka tena. Nje mtu anaburuta kiti. Akasema, "Zote ni muhimu." Nilijua itakuja hiyo, zote huwa ni muhimu. "Sawa mama, kesho nikifika asubuhi nianze na ipi?"

Kimya, bwana, mpaka nikaanza kuangalia kalenda ukutani. Mwisho akakata marejesho, yakaenda Jumatatu. "Hapo nimepata nusu siku, mama, bado nusu." Akaguna, akasema basi wewe nipe jedwali za takwimu tu, silaidi atapanga yule binti wa mafunzo kazini.

Nilivyotoka tu nikamtumia mama meseji yenye hayo hayo, marejesho Jumatatu, mimi takwimu, binti silaidi. Na kweli Ijumaa asubuhi akaniuliza marejesho yako wapi, nikamwonyesha simu, akacheka, "Ehe, tulisema."

Mzabuni alilipwa, hoja zilijibiwa. Ila ile Ijumaa natoka jioni namkuta binti bado anahangaika na silaidi, na pembeni yake kuna mafaili ya watu wengine watatu, kila mmoja kamwambia ni haraka. Yeye hata angeandika hiyo karatasi angempelekea nani kati yao?