Siku moja maishani mwangu: kuzipa kanda vichwa na maneno ya kutafutia

Saa mbili asubuhi. Nimefika, chai ya rangi iko mezani, mbali na kompyuta. Kazi yangu ni kwenye hifadhi ya sauti: mahojiano ya wazee wa pwani yaliyokuwa kwenye kaseti. Wenzangu wameshayageuza kuwa faili na kuyanukuu kwa maandishi. Mimi nasoma unukuzi, kisha naipa kila rekodi kichwa kisichozidi maneno kumi pamoja na maneno ya kutafutia, nane hadi kumi na mawili hivi. Mtafiti akiandika neno, kanda ijitokeze.

Saa mbili na nusu. Kanda ya kwanza leo ni ya mzee wa delta ya Rufiji, dakika 47, kurasa 19. Nasoma yote mara moja bila kuandika kitu. Ukianza kuandika ukurasa wa kwanza, kichwa kitakuwa cha salamu na nasaba, na kumbe habari yenyewe iko ukurasa wa sita.

Habari yenyewe ni boriti. Kabla ya uhuru alikuwa kijana wa kukata mikoko na kuipakia kwenye majahazi ya Waarabu. Anaeleza namna ya kuhesabu kwa korja, yaani miti ishirini ishirini, na jinsi pau zilivyotengwa na boriti nene.

Saa nne kasoro. Nakwama. Ukurasa wa nane umeandikwa: “wakishapakia wanaondoka kusini.” Mistari mitatu chini, shehena inashushwa Kuweti. Jahazi gani hilo la kwenda Kuweti kwa kupitia kusini? Navaa hedifoni, natafuta dakika ya 21. Mzee anasema wazi: “wanaondoka na kusi.” Kusi ni upepo. Unatoka kusini na kuvisukuma vyombo kaskazini, kama vile kaskazi ilivyovileta huku. Herufi chache tu, safari nzima imegeuzwa. Ningeuamini unukuzi, ningeandika “safari za kusini” na mtu wa Ghuba asingeiona kanda hii kamwe.

Kwa kuwa hedifoni ziko masikioni, nakagua na “simba wa ranga” wa ukurasa wa kumi na moja. Ni Simba Uranga, mlango mmojawapo wa mto Rufiji. Majina ya mahali ndiyo yanayoumia zaidi, maana anayenukuu akikosa kulijua jina, sikio lake humpa neno analolijua.

Saa tano na robo. Kichwa. Cha kwanza nilichoandika ni “Mzee akumbuka maisha ya zamani”, nikajicheka. Kingetosha kila kanda rafuni. Cha pili: “Kukata na kupakia boriti za mikoko, Rufiji, kabla ya 1961”. Maneno kumi: kazi, kitu, mahali, wakati. Sikuandika “miaka ya 1950”, kwa sababu mzee hakuitaja. Alisema kabla ya uhuru, basi.

Saa sita. Maneno ya kutafutia, na hapa Kiswahili kina vituko vyake. Mashine yetu inalinganisha mwanzo wa neno. Anayeandika “jahazi” hapati “majahazi”, na wa “mkoko” hapati “mikoko”, kwa kuwa sisi umoja na wingi tunaubadilishia mbele. Kwa hiyo naweka vyote viwili. Vitenzi navigeuza nomino: “tulikata” hakuna atakayeitafuta, “ukataji” huenda.

Kuhesabu marudio nako kunadanganya. “Boriti” imetajwa mara 31, “korja” mara mbili tu, lakini anayechunguza biashara ya zamani atakuja na hiyo korja. Imeingia. Imeingia na “mkandaa”, jina la mti alilolitumia mzee, kando ya “mikoko”. “Historia”, “mzee” na “utamaduni” nimezifuta bila huruma.

Kuna jina nimeliacha makusudi. Mzee anamtaja mtu kuwa alikuwa akiiba hesabu ya korja. Limo ndani ya sauti, libaki humo. Sitalifanya kuwa la kwanza kutokea wajukuu wake wakitafuta jina la babu.

Saa saba, wali maharage. Saa nane hadi saa kumi nimemaliza kanda mbili fupi za mapishi ya chumvi, hazikunisumbua.

Saa kumi na robo. Kabla ya kufunga najaribu kutafuta kama mgeni. “Mkoko”, ipo. “Kusi”, ipo. Kisha, kwa wasiwasi tu, naandika “simba” kwenye hifadhi nzima. Zinatokea kanda nne. Tatu ni simba kweli, Rufiji hawakosekani. Ya nne nasikiliza: ni Simba Uranga tena, na kichwa chake, “Simba wavamia wavuvi”, nilikiandika mwenyewe Machi. Nikavua viatu chini ya meza, nikaanza kuisoma upya.