Oda moja inaingia mara tatu: nilivyoidhibiti

Nauza sare za shule mtandaoni hapa Dar, na Januari shule zikikaribia kufunguliwa wateja hawana subira: anaandika wasapu, usipomjibu fasta anajaza fomu ya tovuti, usiku anatuma na imeili. Mtu ni yuleyule, oda tatu, na bodaboda keshaondoka na mzigo wa pili.

Kuna fundi kompyuta mmoja akaniambia "dada, bonyeza tu Remove duplicates kwenye Google Sheets." Yaani! Kile kitu kinafuta mistari inayofanana mwanzo mwisho, sasa muda wa oda kila mstari una wake, kikasema hakuna marudio. Fundi akasema basi kiambie kiangalie safu ya jina peke yake. Wee! Mteja wasapu ni Mama Juni, kwenye fomu kaandika jina la mume, imeili jina la kwenye cheti. Halafu Mama Juni ninao wawili, wa Mbagala na wa Tegeta, ningemfuta mmoja mtoto akaenda shule bila sweta.

Kilichofanya kazi ni namba ya simu, ila tarakimu 9 za mwisho tu, maana huyu anaanza na 0, yule +255, mwingine anaweka nafasi katikati, na Sheets ikiona namba inaanza na sifuri inaila. Nikaunganisha na aina ya bidhaa. A ni muda, B simu, C bidhaa, D na E ndo fomula:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(TO_TEXT(B2),"\D",""),9)&C2
=COUNTIFS(D:D,D2,A:A,">="&A2-2,A:A,"<="&A2)>1
```

Ya pili inaangalia siku 2 nyuma, ikikuta mwenzake inaandika TRUE. Imeili isiyo na simu siiingizi mpaka mtu anipe namba.

Saizi nimeiacha nje makusudi, na hapa najisifu kidogo. Kuna mama alijaza fomu sweta 2 saizi 28, wasapu akarudia hivyohivyo, imeili ikasema sweta 1 saizi 30. Saizi ingekuwemo, ile ya imeili ingepita kama oda mpya kabisa, wakati mara nyingi ujumbe wa baadaye ni mtu anajirekebisha. Ikiwaka TRUE sifuti kitu, namuuliza. Na usimuulize "hii ni oda ileile?" atakujibu "ndiyo dear" bila hata kusoma. Muulize "jumla nikuletee masweta mangapi na saizi zipi?" Akajibu matatu, mawili ya 28 na moja ya 30 la dada yao. Kumbe hakuwa anajirekebisha, anaongeza!

Kinachonishinda bado ni mke na mume kuagiza kila mtu kwa simu yake. Hao huwa nawashtukia pale bodaboda anapoonyeshwa nyumba ileile, kwa hiyo siku hizi mzigo haupandi pikipiki kabla sijapanga oda za siku hiyo kwa mtaa.